Fimbo tisa za hesabu: kuandika alichojua mtoto na anachojua mtu mzima

*Hujambo mwalimu. Ninaishi Kisumu, lakini shule ya msingi nilisoma upande wa Vihiga. Mwaka 1996, nikiwa darasa la saba, mwalimu wa hesabu alitaka kila mtu apate 40 kwa 50 katika mtihani wa Jumatatu, na kila alama iliyopungua ilikuwa fimbo moja. Mimi nilipata 31. Nimejaribu kuiandika siku hiyo mara nne. Mara mbili nimetoka na lawama tupu, na mara mbili nimemshukuru mpaka nikajishtukia. Yeye yuko hai, anasali kanisa moja na mama. Nitaandikaje nilivyoumia bila kusema uongo kuhusu ninavyoona leo? Nimeambatisha ukurasa mmoja.*

Dada yangu, tuanze na sentensi ya kwanza ya ukurasa wako, kwa sababu ugumu wote umejibana humo: "Mwalimu wetu, aliyekuwa zao la mfumo katili, alituadhibu vikali kwa makosa madogo ya hesabu, lakini leo naelewa kwamba alitutakia mema." Tafuta mtoto wa miaka 12 katika sentensi hiyo. Hayumo. Mtoto hajui mfumo wala zao la mfumo, na neno "makosa madogo" si lake, maana Jumatatu ile kosa halikuwa dogo hata kidogo. Mtu mzima ameingia darasani kabla ya mtoto, akatoa hukumu, kisha akaipunguza. Ndiyo maana kila jaribio lako linaishia ama kwenye lawama ama kwenye shukrani. Umeanza na hukumu, na hukumu haina pa kwenda isipokuwa huko.

Chukua karatasi mbili. Ya kwanza ni ya mtoto, ya pili ni yako ya leo, na kwa siku chache usiziache zikutane. Ya mtoto iandike kwanza, na uiandike kabla hujampigia simu mtu yeyote mliyesoma naye. Ukishasikia kumbukumbu ya mwenzako, yako inaanza kujirekebisha kumfuata, na baada ya wiki moja hutajua tena lipi uliliona mwenyewe na lipi ulisimuliwa.

Kwenye karatasi ya mtoto, acha -ka- ifanye kazi. Akaingia, akaweka karatasi mezani, akafungua dirisha, akaita jina. Kiambishi hiki kinasogeza tukio mbele bila kulieleza, na hivyo ndivyo mtoto anavyoishi tukio: jambo moja linafuata jingine, sababu hazionekani. Ukifika mahali unaandika "kwa sababu", "kumbe", "bila shaka" au "pengine alikuwa na shida zake nyumbani", kata, upeleke karatasi ya pili. Kipimo ni kimoja kwa kila sentensi: je, mtoto wa darasa la saba angeweza kusema hivi jioni ile akiwa njiani kwenda nyumbani? Akiweza, ibaki. Asipoweza, ihame, hata kama ni sentensi nzuri.

Hapa utakutana na tatizo ambalo wengi hawalitarajii. Mitihani ilikuwa ya kila Jumatatu, na kitu kinachorudiwa kila wiki hakihifadhiwi wiki kwa wiki. Akili huzibana Jumatatu nyingi zikawa Jumatatu moja. Mvua inatoka siku hii, kilio cha jirani kinatoka siku ile, alama zinatoka siku nyingine kabisa. Katika ukurasa wako mvua inapiga mabati hadi mwalimu anapaza sauti, na mistari sita baadaye mnapanga foleni uani mkiwa na vumbi kavu miguuni. Upande huo mvua kubwa huja alasiri na inaweza kuisha haraka, kwa hiyo yote mawili yanawezekana, lakini vumbi halirudi kwa nusu saa. Hizo ni siku mbili zilizoshonwa pamoja.

Jambo jingine la kukagua ni mahali unaposimama unapotazama. Unaandika kwamba "kasichana kembamba kenye sare iliyopauka kalinyoosha mkono". Unajiona kwa nje. Mwaka 1983 wanasaikolojia Georgia Nigro na Ulric Neisser walionyesha kwamba watu hukumbuka mambo kwa njia mbili, wakiwa ndani ya macho yao au wakijitazama kama mtu mwingine, na kwamba kumbukumbu za zamani zaidi huelekea kuwa za kujitazama kwa nje. Hilo halifanyi tukio kuwa la uongo. Linakuambia kwamba picha hiyo imejengwa upya baadaye, kwa hiyo usiitegemee kwa vitu vidogo kama rangi ya sare. Rudi ndani ya macho. Kutoka pale ulipokuwa ungeweza kuona nini? Kiganja chako, kiatu chake, ncha ya fimbo. Uso wake huenda hukuuona kabisa.

Panapokuwa na siku zilizochanganyika una njia mbili za haki. Ya kwanza ni kutumia hu- waziwazi: "Jumatatu mwalimu huja na karatasi zimefungwa kwa mpira, husoma majina kuanzia chini." Msomaji anaelewa kwamba hii ni desturi. Kisha unashuka kwenye siku moja kwa kitu ambacho una hakika nacho, yaani 31, na hapo unabadili kwenda -li- na -ka-. Njia ya pili ni kusema: "Mvua naikumbuka, sijui kama ni ya siku hiyo." Sentensi kama hiyo ikitokea mara moja inajenga imani. Ikitokea mara tano katika ukurasa mmoja inachosha, kwa hiyo chagua pa kuiweka.

Sasa maneno yenyewe. Kiswahili chetu kina vitenzi vingi vya jambo hili, na kila kimoja tayari kimeshatoa hukumu. Kuadhibiwa kunakubali kwamba kulikuwa na kosa. Kurudiwa, kwa maana ya kumrudi mtoto, kunakubali kwamba alikuwa amepotea na anarejeshwa njiani. Kunyooshwa kunamwona mtoto kama kitu kilichopinda. Kupewa tisa kunaifanya fimbo kuwa kama zawadi. Kula fimbo kunamfanya mtoto awe mtendaji, kana kwamba alikaa akazila mwenyewe. Nilichapwa kunasema kilichotokea, ila mwalimu hayumo. Sentensi inakamilika bila yeye. Alinichapa kunamrudisha, na alinipiga kunaondoa hata ule utaratibu wa shule uliomo katika kuchapa.

Katika ukurasa wako umetumia "tuliadhibiwa" mara tano, na katika mara zote hizo tano mwalimu hayumo. Nadhani ni heshima, kwa sababu anasali na mama. Lakini tazama matokeo yake: adhabu inaanguka kutoka mbinguni. Ushauri wangu ni kwamba kwenye karatasi ya mtoto utumie neno lenu la darasani, lile mlilosema wakati wa mapumziko. Kama mlisema "tumekula", acha watoto waseme "tumekula", ni ushahidi wa namna mlivyojifunza kulibeba. Kwenye karatasi ya pili, andika alinipiga angalau mara moja, uone kama mkono wako unakataa. Ukikataa, una jambo la kuandika hapo.

Maumivu yenyewe yape nafasi ndogo kuliko unavyodhani. Umetumia mistari kumi na minne kueleza moto, umeme, nyuki na pilipili, na baada ya mfano wa tatu msomaji haumii tena. Halafu umepita kwa mstari mmoja kitu kilichonisimamisha: kwamba baada ya hesabu kulikuwa na insha, na hukuweza kuifunga mikono. Kaa hapo. Hivi ndivyo ningeupanga upya mwendo wa tukio kwa vitu vilevile ulivyoandika, bila kuongeza hata kimoja:

"Akasema thelathini na moja. Nikatoa hesabu kichwani kabla hajaitoa yeye, hiyo niliipata. Tisa. Nikaenda mbele. Fimbo ilikuwa ya mpera, bado ina gamba la kijani upande mmoja, na niliijua: Ijumaa mimi na wawili wengine ndio tuliotumwa kuzikata. Mkono wa kulia tano, wa kushoto nne. Nikarudi nikaweka viganja kwenye chuma cha dawati, kilikuwa baridi. Mwalimu wa Kiswahili akaingia, akaandika ubaoni kichwa cha insha. Nikashika kalamu kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota sindano. Herufi zikawa kubwa. Nikaandika nusu ukurasa, kengele ikalia."

Hakuna neno "katili" humo, wala "huzuni". Hakuna mfano isipokuwa ule wa sindano, ambao mtoto anaujua kutoka nyumbani. Lakini ile fimbo ya mpera uliyoikata mwenyewe inafanya kazi ambayo aya nzima ya lawama haiwezi kuifanya. Katika ukurasa wako umeitaja mwishoni kabisa, karibu uifiche. Iweke mapema. Wengi tuliosoma huko tunajua kwamba wanafunzi ndio waliotumwa kukata fimbo, na monita ndiye aliyeandika orodha ya wapiga kelele, na kwamba jina la mwenzako likitangulia ulishusha pumzi. Mtu mzima anayemhukumu mwalimu peke yake anaacha nje sehemu ya ukweli anayoijua vizuri kuliko yote.

Tuje kwenye karatasi ya pili. Watu wengi wakifika hapa huandika "nyakati zile ndivyo ilivyokuwa", na hapo kufikiri kunakoma. Ichunguze kauli hiyo kwa tarehe. Kenya ilikuwa na kanuni za nidhamu shuleni tangu mwaka 1972, na ni kweli ziliruhusu fimbo. Ila ziliiruhusu kwa masharti: mwalimu mkuu aifanye mwenyewe au awepo, baada ya kuchunguza kosa, mbele ya shahidi, mbali na wanafunzi wengine, isizidi mapigo sita, na iandikwe kwenye rekodi. Fimbo ilikuwa ya matakoni. Kiganjani uliruhusiwa mkanda tu, wenye upana uliowekwa. Pima Jumatatu yako kwa masharti hayo. Mapigo yalikuwa tisa. Ilikuwa fimbo, tena viganjani. Alikuwa mwalimu wa somo, darasa zima likitazama. Kwa hiyo "nyakati zile" hazimtetei kama tunavyozoea kusema, kwa sababu sheria ya nyakati zilezile ilikuwa upande wako.

Maelezo haya mtoto hakuyajua, kwa hiyo yasiguse tukio hata kidogo. Mahali pake ni baada ya kengele ya insha, kwenye aya inayoanza kwa wakati mwingine na mahali pengine: wewe, Kisumu, leo, unasoma kanuni. Aya hiyo iwe fupi kuliko tukio. Tukio likiwa na maneno 400, hukumu ya maneno 150 inatosha. Ikirefuka kupita hapo inaanza kuhubiri.

Usizichanganye tarehe. Adhabu ya viboko ilifutwa katika shule za Kenya mwaka 2001, Katiba ya 2010 katika kifungu cha 29 ikampa kila mtu haki ya kutopewa adhabu ya kiboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaweka faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miezi sita kwa anayemtendea mwanafunzi ukatili. Ukiandika kwamba mwalimu wako wa 1996 "alivunja Katiba" umekosea, na msomaji mwenye jicho ataacha kukuamini hata kwenye zile tisa. Mdogo wako akikuambia alichapwa mwaka 2004, hiyo ni habari nyingine, na hukumu yake ni nyingine.

Kuna sentensi yako kwamba bila zile fimbo usingekuwa mhasibu. Kiambishi -nge- kinataka ushahidi ambao hakuna anayeweza kuuleta, kwa sababu maisha yako mengine, yale yasiyo na fimbo, hukuyaishi. Andika kinachoonekana. Unasema alama zako zilipanda hadi 38 muhula uliofuata. Ni nini kingine kilibadilika muhula huo? Kwenye mstari wa pembeni umeandika kwamba ulihamia kwa shangazi, ambako kulikuwa na taa. Weka taa na fimbo kwenye aya moja, usiamue wewe ni ipi iliyokufikisha. Kisha jiulize kuhusu waliokuwa kwenye benchi moja nawe. Ushuhuda wa "tulichapwa na tukawa watu" hutolewa na waliobaki shuleni. Aliyeacha darasa la saba haandiki. Kama unamkumbuka mmoja ambaye Jumatatu moja hakuja na hakuja tena, mpe sentensi moja tu, bila kusema aliacha kwa sababu ya fimbo, maana hujui.

Methali nazo zishike kwa uangalifu. "Mchelea mwana kulia hulia yeye" ni sauti ya wazee na ina uzito wake, ila ukiiweka mwisho wa aya inafunga mlango. Iweke kinywani mwa mtu. Nani aliisema, lini, amesimama wapi? Kama ni baba aliyeisema jioni ile akitazama viganja vyako, basi ni sehemu ya tukio, na ni kubwa. Kama ni wewe uliyeiongeza mwaka huu ili amani ipatikane, iondoe.

Sasa neno dogo linalokusumbua kuliko yote: lakini. Umeandika "alinichapa lakini alitupenda, Jumamosi alitufundisha bila malipo." Igeuze: "alitufundisha Jumamosi bila malipo lakini alinichapa." Umeona? Ukweli ni uleule, hukumu imegeuka, kwa sababu kinachokuja baada ya lakini ndicho kinachobaki. Huo ndio mzunguko wa majaribio yako manne. Futa lakini. Jumamosi ipe tukio lake, mahali pake, kwa kirefu kilekile: chaki aliyonunua, wanafunzi wangapi walikuja, alikaa hadi saa ngapi. Jumatatu ibaki na lake. Msomaji wako atakutana na mtu mmoja mara mbili na atamshika kwa mikono yote miwili bila wewe kumwambia mkono upi una uzito. Mimi naona haki kwa mwalimu huyo na haki kwa mtoto yule zinapatikana hapo, kwenye kuacha yote mawili yakiwa mazima.

Ukishamaliza karatasi zote mbili, ndipo uwapigie wenzako. Uliza wazi: "Unakumbuka nini kuhusu Jumatatu za darasa la saba?" Usiulize "unakumbuka aliponichapa tisa?", kwa sababu umeshampa idadi, na atakurudishia. Zungumza na kila mmoja peke yake. Wakitofautiana kuhusu lengo, mmoja akasema 40 na mwingine 35, tafuta karatasi. Ripoti za shule za zamani huwa zimewekwa na mama ndani ya sanduku pamoja na vyeti vya ubatizo. Usipopata, andika 40 kama unavyoikumbuka na useme mwenzako anakumbuka 35.

Kuhusu jina lake: kubadilisha jina pekee hakutoshi kijijini. "Mwalimu wa hesabu aliyekuwa na pikipiki" ni jina kamili. Badilisha jina, acha shule bila jina, ondoa pikipiki, ondoa kanisa, na mwanzoni utaje kwamba umebadilisha vitambulisho. Somo usilibadilishe, kwa sababu hesabu ya 40 kutoa 31 ndiyo mifupa ya tukio. Idadi ya mapigo usiiguse hata kwa moja, kupandisha wala kushusha.

Mama aisome kabla ya mtu mwingine yeyote, ili asiisikie ikisimuliwa nje ya kanisa. Mwalimu mwenyewe, ukichagua kumwendea, usimpelekee ukurasa. Nenda umsalimu, na ukipata nafasi umuulize jambo moja tu la ukweli: lile lengo la 40 lilitoka wapi? Miaka ile shule zilipangwa kwa matokeo ya KCPE, mtihani wa taifa wa darasa la nane, na upangaji huo ulikuja kufutwa mwaka 2014, kwa hiyo huenda namba ile ilitoka kwa mwalimu mkuu, au kwenye kikao cha wazazi, au kichwani mwake mwenyewe. Chochote atakachojibu, kiandike jioni hiyohiyo na tarehe yake, kwenye karatasi ya tatu. Akisema hakumbuki kumchapa mtu tisa, hilo nalo ni jibu lake, liingie kama alivyolisema.

Jaribio lako la tano likiwa tayari, niletee karatasi zote zikiwa bado hazijaunganishwa.